Nani kamlisha mama mkubwa usiku?

Niliamshwa na ugomvi. Nilikuwa nimeingia Lamu jana yake jioni, mwili bado umejaa mitikiso ya njia, na nilikuwa nimepanga kulala mpaka jua lipande. Lakini kabla punda wa kwanza hajapita kichochoroni, dada yangu alikuwa uani na mashine ya sukari mkononi, akimhoji mamake kama askari.

"Kumi nukta nne, mama. Umekula nini?"

"Sijala kitu, mwanangu. Tangu samaki wa jana usiku."

"Basi hii imetoka wapi?"

Mama mkubwa hakuwa na jibu. Ana miaka 67, ana kisukari cha aina ya pili, amelea watoto sita nyumba hii hii ya Mkomani, na sasa alikuwa anashukiwa kuiba halua yake mwenyewe. Kopo lilikuwa limefungiwa kabatini na vipande vimehesabiwa. Vilikuwa havijapungua, lakini hilo halikumtoa dada shaka, kwa sababu ujirani wetu una watoto wengi wanaotumika kwa shilingi kumi. Mbaya zaidi, kwenye kliniki moja aliyokuwa akienda, mhudumu alikuwa amemwambia mbele ya foleni nzima, "Bibi, wewe unakula usiku." Akaona haya. Miezi miwili hakurudi.

Mimi nafundisha fiziolojia kwa wanafunzi wa uuguzi, na swali la dada nimelisikia darasani mara nyingi kwa sura nyingine. Mtu asiyekula kwa saa kumi, sukari yake inapandaje? Ni swali zuri kuliko anavyodhani anayeliuliza, maana ndani yake mna dhana kwamba sukari ya damu hutoka sahanini tu. Dhana hiyo ikikaa kichwani, kila kipimo kibaya cha asubuhi ni ushahidi wa wizi.

Tuanze na kiasi. Mtu mzima ana damu kama lita 5. Asiye na kisukari, akiamka asubuhi, huwa na glukosi ya milimoli 5 hivi kwa kila lita. Ukizigeuza kuwa gramu, damu yake yote ina gramu 4.5 za sukari. Hicho ni kijiko kimoja cha chai. Ukijumlisha na majimaji yanayozunguka seli, ambako glukosi husambaa vilevile, unapata gramu 13 au karibu na hapo. Na ubongo peke yake hula gramu 5 kila saa, uwe macho au usingizini. Kwa hiyo kama sukari ingekuwa inatoka sahanini tu, mtu aliyekula saa moja usiku asingeiona alfajiri. Angezimika kitandani usiku wa manane.

Hazimiki kwa sababu ini linamlisha. Baada ya chakula, ini hukusanya glukosi na kuiunganisha kuwa glikojeni, akiba inayofika gramu 100 hivi. Usiku huivunja akiba hiyo kidogo kidogo, na wakati huohuo hutengeneza glukosi mpya kutokana na malighafi nyingine: asidi za amino, gliseroli ya mafuta, laktiki inayotoka kwenye misuli na chembe nyekundu. Kwa mtu wa kilo 70 aliyelala, ini hutoa gramu 8 hivi kila saa. Misuli nayo ina glikojeni, tena nyingi kuliko ini, lakini haina kimeng'enya cha kuifungua glukosi ili itoke damuni. Ni tajiri asiyekopesha. Usiku, anayekopesha ni ini, na figo kwa sehemu ndogo.

Kwa hiyo jibu la swali la dada ni fupi: aliyemlisha mama mkubwa usiku ni ini lake. Lakini ini humlisha kila mtu, mimi na wewe pia, na sisi tunaamka na 5. Kwa nini yeye aamke na 10.4?

Hapo ndipo inabidi tuingie kwenye kongosho. Ndani yake mna vifungu vidogo vya seli vilivyotawanyika, ambavyo Paul Langerhans alivieleza mwaka 1869 bila kujua kazi yake, na ambavyo mpaka leo tunaviita visiwa vya Langerhans. (Mtu wa Lamu hahitaji kuelezwa maana ya kuishi kisiwani na kutegemea kinachokuja na maji.) Kila kisiwa kina seli beta, zinazotoa insulini, na seli alfa, zinazotoa glukagoni. Insulini huliambia ini: weka akiba, acha kutoa. Glukagoni huliambia: vunja akiba, tengeneza, toa. Ini halisikilizi mmoja tu. Linapima sauti zote mbili, na kinachoamua ni uwiano wake.

Seli beta haina kiongozi wa kuiambia damu ina sukari ngapi. Inaionja yenyewe. Glukosi huingia ndani ya seli na kuchomwa, na kadiri inavyochomwa zaidi ndivyo nishati ya seli, ATP, inavyopanda. ATP ikipanda, milango ya potasiamu kwenye utando wa seli hufungwa. Hapo chaji ya umeme ya utando hubadilika, milango ya kalsiamu hufunguka, kalsiamu huingia, na vifuko vya insulini vilivyokuwa vimengoja hupasukia nje. Sukari ikishuka, ATP hushuka, milango ya potasiamu hufunguka tena, na insulini hukatika. Iliyokwisha kutoka haidumu. Nusu yake hutoweka damuni kwa dakika chache tu.

Huo ndio mrejesho hasi. Neno "hasi" huwapotosha wanafunzi wangu, hudhani ni jambo baya. Maana yake ni kwamba matokeo yanarudi na kuzima kilichoyaleta. Juu ya dari yetu kuna tangi, na maji ya visima vya Shela yakipanda humo boya huelea na kuziba bomba. Hakuna mtu anayekaa juu kuangalia. Maji yenyewe ndiyo yanayofunga maji. Lakini tangi letu lina mkono mmoja: boya linaweza kuziba, haliwezi kuvuta maji kisimani yakipungua. Mwili una mikono miwili. Sukari ikipanda, insulini huivuta chini, ikishuka, insulini hupungua kwanza na glukagoni hupanda kuinyanyua.

Tena mikono hiyo imeunganishwa. Seli beta na alfa ni majirani wa ukuta kwa ukuta, na insulini inayotoka kwa beta humwambia alfa anyamaze. Kisha damu ya kongosho haiendi mwilini moja kwa moja. Hupita kwanza kwenye mshipa unaotoka matumboni kuelekea ini, hivyo ini ndilo linalopokea insulini ya kwanza na iliyo nzito zaidi, na hubakiza kama nusu yake. Viungo vingine hupata salio. Ini ndilo mteja mkuu wa insulini, jambo linalosahaulika kwa sababu watu hupenda kusema kwamba kazi ya insulini ni "kuingiza sukari kwenye seli". Kwa misuli na mafuta ni kweli. Lakini ini halihitaji insulini ili glukosi iingie au itoke. Kwake insulini ni amri ya kufunga kiwanda.

Sasa turudi uani. Nilimwambia dada tusibishane, tupime. Na kabla ya yote nikamwomba mama mkubwa anawe mikono kwa maji na sabuni, aikaushe vizuri. Siku iliyotangulia mashine ilikuwa imesoma 14.8 na nyumba nzima ikapata wasiwasi, kumbe alikuwa ametoka kumenya maembe ya wajukuu. Utando wa sukari kwenye kidole huingia kwenye tone la damu na kijiti hakijui umetoka wapi. Ukifuta kwa pamba ya spiriti tu, baada ya tunda, huenda usiutoe wote. Maji na sabuni huutoa.

Usiku ule tulikula pamoja baada ya maghribi: samaki wa kuchoma, mchicha, na kipande kidogo cha mkate wa mofa. Saa tatu usiku alisoma 9.6. Saa sita usiku, 8.3. Saa tisa, 8.1. Saa kumi na mbili asubuhi, 10.4 tena. Mimi nililala ukumbini mbele ya mlango wake, na aliyetoka ni yeye peke yake, mara mbili, kwenda msalani. Mashine hizi zinaweza kukosea kwa asilimia 15 huku au kule, kwa hiyo usiku mmoja hautoshi. Tulirudia usiku mwingine mara mbili, si saa zote nne, bali saa tisa na asubuhi tu. Umbo lilikuwa lilelile: chini usiku wa manane, juu alfajiri.

Angalia umbo hilo kabla ya tarakimu. Chakula kikiingia, sukari hupanda ndani ya saa moja au mbili, kisha hushuka. Hapa ilishuka tangu saa tatu mpaka saa tisa, ikapanda mtu akiwa amelala. Mlo wa kuibwa haupandi hivyo, labda uliwe saa kumi alfajiri, na saa kumi alfajiri mama mkubwa alikuwa anakoroma nikimsikia.

Na iliyoongezeka ni kiasi gani? Kutoka 8.1 hadi 10.4 ni milimoli 2.3 kwa kila lita. Mama mkubwa ana kilo 70, na majimaji ambamo glukosi husambaa ni kama lita 14. Zidisha, unapata milimoli 32, ambazo ni gramu 5.8. Kijiko kimoja cha chai na ziada kidogo, kwa saa tatu. Yaani kila saa ini lake lilitoa gramu 2 tu zaidi ya zilizotumika. Ukikumbuka kwamba ini la kawaida hutoa gramu 8 kwa saa, utaona kwamba halikuwa na haja ya kufanya kitu cha ajabu. Lilichelewa kupunguza kasi, basi. Dada aliitazama karatasi yangu kwa muda mrefu. "Kijiko kimoja?" Ndiyo, kijiko kimoja, na kimevunja heshima ya mtu nyumbani kwake.

Kwa nini alfajiri hasa? Kwa sababu saa za mwisho za usiku mwili hujiandaa kuamka. Homoni ya ukuaji imekwishatolewa wakati wa usingizi, na kotisoli hupanda kuelekea asubuhi. Zote mbili hupunguza nguvu ya insulini na kulisukuma ini litoe zaidi. Kwa asiye na kisukari, seli beta huonja mabadiliko hayo mapema na kuongeza insulini kidogo, na sukari haisogei. Boya linapanda, bomba linazibwa, hakuna anayejua.

Kwa mwenye kisukari cha aina ya pili mambo matatu yameharibika pamoja. La kwanza, ini limekuwa zito la kusikia: kiasi cha insulini ambacho zamani kingelinyamazisha sasa hakitoshi. La pili, seli beta haziwezi kufidia uzito huo. Kwa miaka zilikuwa zikitoa insulini nyingi kuliko kawaida, na vipimo vilionekana vizuri kwa sababu ya juhudi hizo. Kisha zikachoka, nyingine zikafa au zikaacha kazi. Ndiyo maana ugonjwa huonekana kama umeanza jana wakati umekuwapo muda mrefu. La tatu ni lile lisilosemwa sana, la seli alfa. Jirani yake beta amenyong'onyea, naye mwenyewe hamsikii tena vizuri. Kwa hiyo glukagoni, ambayo ingepaswa kunyamaza sukari ikiwa 8, inaendelea kuliambia ini, toa, toa. Hebu fikiri: damu imejaa sukari, na homoni ya njaa inapiga mbiu.

Samaki wetu naye ana neno hapa. Protini huamsha insulini na glukagoni kwa pamoja, na kuna hekima ndani yake. Mtu akila samaki mtupu, asidi za amino zinahitaji insulini ili ziwekwe misulini, lakini insulini hiyo ingemshusha sukari hata azimie, kwa kuwa hakula wanga. Glukagoni hupanda sambamba na kuliambia ini lizibe pengo. Kwa mwenye kisukari, mkono wa insulini ni dhaifu na wa glukagoni uko imara. Samaki hakuwa mkosaji, na sikumwambia amwache. Ila dada alikuwa akidhani kwamba mlo usio na wanga ni mlo usio na habari kwa kongosho, na sivyo.

Unaweza kuuliza, basi si tuizuie glukagoni? Zilijaribiwa dawa za kuziba mahali inapojishikiza kwenye ini. Sukari ilishuka kweli. Lakini vimeng'enya vya ini vilipanda damuni, na mafuta pia, kwa sababu glukagoni ina kazi nyingine humo za kushughulikia mafuta na asidi za amino. Ukikata mkono mmoja wa mizani, si upande mmoja tu unaoyumba.

Asubuhi ile ile jirani yetu, mama mwenye nia njema, alikuja na vidonge vyake vya glibenklamidi. "Mpe kimoja cha usiku, ataamka safi." Nikamshukuru na nikakataa, na hapa naomba nieleze kwa nini, maana sababu iko kwenye ile milango ya potasiamu. Glibenklamidi huifunga milango hiyo yenyewe. Seli beta hutoa insulini kama vile imeonja sukari, hata kama haijaonja. Ni kama kulifunga boya kwa kamba likae juu. Ni dawa halali na imewasaidia wengi, lakini imeruka hatua ya kuonja, na kuonja ndiko kulikokuwa ulinzi. Sukari ikishuka hadi 4, seli ya kawaida hukata insulini. Yenye kidonge hiki huendelea. Kwa mwanamke wa miaka 67, mlo mdogo wa usiku, na figo ambazo hatujazipima, hiyo ndiyo njia ya kumkuta alfajiri amelowa jasho na haitikii.

Hapo pia ndipo kipimo cha saa tisa usiku kilipotufaa zaidi. Kuna maelezo ya zamani kwamba sukari ya asubuhi hupanda kwa sababu imeshuka mno usiku, mwili ukashtuka na kurusha glukagoni na adrenalini. Kwa mtu anayejidunga insulini, lazima uliangalie hilo, maana ukimwongezea dozi ya usiku wakati anashuka, unamzamisha. Kipimo cha saa tisa kikiwa chini ya 4, anashuka kweli na dozi hupunguzwa. Kikiwa 8.1 kama cha mama mkubwa, hakuna kushuka mno. Ni ini.

Nilipomuuliza mama mkubwa kuhusu kwenda msalani usiku, alicheka. "Mamangu alikuwa akisema, ukiona sisimizi wamezunguka mahali mtu alipokojoa, huyo ana sukari." Mamake, bibi yangu, hakusoma shule. Lakini alikuwa sahihi, na tarakimu yake ipo: figo hurudisha glukosi yote inayochujwa mpaka damu ifike milimoli 10 hivi, kisha hushindwa, na inayobaki huvuta maji na kutoka nayo. Mama mkubwa alikuwa anauvuka mpaka huo kila alfajiri. Huenda hiyo ni sababu mojawapo ya kuamka kwake.

Tulirudi kliniki, nyingine, na ile karatasi ya vipimo vya usiku tatu. Daktari aliisoma, akapima figo zikawa nzuri, akaongeza metformini polepole kwa wiki kadhaa ili tumbo lisisumbuke. Metformini haimlazimishi seli beta kitu. Kazi yake kubwa ni kupunguza kile kiwanda cha ini, na ndiyo maana peke yake ni nadra kumshusha mtu kupita kiasi. Akamwambia pia atembee baada ya chakula cha jioni, kwa kuwa msuli unaojikunja hujichukulia glukosi bila kungoja insulini. Sasa hutembea na wajukuu pwani, kutoka gatini mpaka wachoke wao.

Wiki tano baadaye dada alinitumia picha ya mashine: 7.1. Bado si 5, na sidhani itarudi kuwa 5 kirahisi, kwa sababu seli beta zilizokufa hazijarudi. Kisha simu ikalia, ni mama mkubwa mwenyewe.

"Mwanangu, mwambie dada yako jina langu limesafika. Anirudishie ufunguo wa kabati."

Nikamwambia jina limesafika kweli, lakini kabati ni kesi nyingine. Halua ya saa mbili usiku itaonekana kwenye kipimo cha saa tatu, na hapo ini halitakuwa na la kujitetea.